Kuchora Shamba Baada ya Ndovu Kupita

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakulima wa wadi zinazopakana na mbuga, katika baraza la wakaazi. Imechapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.



Leo sikuja kueleza sheria ya fidia kutoka mwanzo hadi mwisho. Maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wameifafanua hapa mara nyingi. Nimekuja na karatasi moja tu, ile inayoambatana na maelezo yenu mnapoandikisha kwamba ndovu wameingia shambani. Maelezo mengi yanayopita mezani mwetu hayana mchoro wowote. Mengine yana mchoro mzuri kwa macho, una nyumba, mti na hata ndovu mwenye pembe, lakini haumwambii msomaji jambo lolote analoweza kwenda kulipima.

Kwa nini mchoro? Kwa sababu anayeamua hakuwako usiku ule, na atakapofika shamba litakuwa limebadilika. Afisa wa kilimo anaweza kuja baada ya siku kadhaa. Kufikia hapo mahindi yaliyokanyagwa yamekauka, mbuzi wamemaliza yaliyobaki, mvua imefuta nyayo, nawe umeshaziba ua kwa sababu huwezi kulala na pengo wazi. Baada yake kuna kamati, na baada ya kamati kuna afisi nyingine, na huko hakuna atakayewahi kukanyaga shamba lako. Wote hao watasoma karatasi. Maneno peke yake huwachanganya. Ukiandika "waliingia upande wa juu wakaharibu mpaka karibu na mti", wewe unaliona shamba lote kichwani, lakini msomaji haoni kitu. Upande wa juu ni upi? Mti gani?

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowaumiza watu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, katika kifungu cha 25, inaruhusu kudai fidia ya mazao, mifugo au mali nyingine. Kifungu hichohicho kinasema fidia haitalipwa ikiwa mwenye mali hakuchukua hatua za kadiri kuilinda. Kwa hiyo swali la ua litaulizwa tu. Mtu aliyetumia pesa zake kuweka seng'enge na kuning'iniza makopo, kisha akachora shamba bila ua, ameuficha ushahidi wake mwenyewe.

Sasa tuchukue shamba moja tulichore pamoja. Ni shamba la mfano, lakini kila kitu ndani yake mnakijua. Lina umbo la mstatili. Kusini kuna barabara ya murram na lango. Nyumba iko karibu na pembe ya kusini magharibi. Kaskazini ni kichaka kinachoelekea mbugani. Pande tatu zina ua wa manyara. Upande wa kaskazini una seng'enge ya nyaya tatu yenye makopo. Usiku ndovu wamevunja seng'enge, wamekula na kukanyaga mahindi, wakaenda hadi kwenye tangi la maji la lita 1,000 lililokuwa juu ya matofali na kuliangusha.

Kabla ya kalamu, hakikisha wanyama wameondoka. Ndovu hukawia kwenye kichaka cha jirani, na mtu anayehesabu hatua macho yakiwa chini hamwoni. Ngoja kuche, piga simu kwa KWS, na usiingie peke yako. Kama kuna aliyejeruhiwa, mambo ya mchoro yangoje, apelekwe hospitali kwanza.

Kisha tafuta kipimo. Wengi wetu hatuna utepe wa mita 50, na si lazima kuwa nao. Chukua kamba, ipime dukani kwa fundi mara moja, uikate iwe na mita 20. Ilaze chini mahali pa tambarare, uitembee kwa mwendo wako wa kawaida, ukihesabu hatua. Usivute miguu kama askari wa gwaride. Rudia mara tatu. Tuseme wewe hupata hatua 27. Basi kila hatua 27 zako ni mita 20, na hesabu hiyo ni yako wewe, si ya mumeo wala ya kijana wako. Ukitembea kando ya ua wa kaskazini ukapata hatua 135, hiyo ni mara tano ya 27, yaani mita 100. Upande wa mashariki ukipata hatua 108, ni mara nne, yaani mita 80. Shamba ni mita 100 kwa 80, karibu eka mbili. Kwenye mteremko au matuta hatua hufupika, kwa hiyo pita mara mbili, kwenda na kurudi, uchukue katikati. Na uandike wazi kwamba umepima kwa hatua. Hakuna aibu katika hilo. Kinacholeta shaka ni mtu aliyepima kwa miguu kisha akaandika mita 24.87.

Chora umbo la shamba likijaza ukurasa mzima. Karatasi ya daftari la hesabu, lile la miraba, inafaa sana. Mraba mmoja ukiwa mita 5, shamba letu litakuwa miraba 20 kwa 16. Andika pembeni, "mraba mmoja ni mita 5". Ukitumia karatasi tupu na mkono haunyooki, hakuna neno, andika tu "mchoro haukufuata skeli", kisha uandike vipimo juu ya mistari. Vipimo vilivyoandikwa ndivyo vitakavyosomwa, hata kama mstari wenyewe umepinda.

Weka mshale wa kaskazini. Huku kwetu jua huchomoza mashariki, lakini sehemu yenyewe husogea kidogo kaskazini au kusini kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo ukitumia jua andika "kaskazini kwa makisio". Dira ya simu inafaa pia, ila simama mbali na mabati, gari na seng'enge. Chuma huipotosha.

Sasa tunafika penye kazi yenyewe, kuonyesha kitu kilikuwa wapi. Kanuni ni kupima kutoka kwa kitu ambacho mwezi ujao kitakuwa palepale. Jiwe la mpaka, pembe ya nyumba ya mawe, mbuyu, nguzo ya stima. Hivyo havihami. Mkokoteni unahama. Rundo la kuni linahama. Hata "pale mahindi yanapoanza" panahama, maana msimu ujao huenda ukapanda pojo. Nimesoma maelezo yaliyopima kila kitu kutoka mahali gari la askari lilipoegeshwa asubuhi ile. Gari liliondoka, na vipimo vyote vikaondoka nalo.

Pengo la ua ni rahisi, kwa kuwa liko juu ya mstari. Anza kwenye jiwe la mpaka la pembe ya kaskazini mashariki, tembea kando ya ua kuelekea magharibi, uhesabu hadi ukingo wa kwanza wa pengo. Katika mfano wetu ni mita 30. Pima na upana wa pengo lenyewe, mita 4, uandike nguzo ngapi zimelala. Hapo weka herufi A.

Tangi ni gumu zaidi, kwa sababu liko katikati ya shamba bila mstari wowote karibu. Ukisema "liko mita 18 kutoka kwa mbuyu", umesema kweli lakini hujamwonyesha mtu mahali. Mita 18 kutoka kwa mbuyu ni duara zima. Unahitaji kipimo cha pili kutoka kwa kitu kingine kisichohama. Kutoka pembe ya nyumba hadi matofali ya tangi ni mita 31. Sasa mtu akifunga kamba ya mita 18 kwenye mbuyu na nyingine ya mita 31 kwenye pembe ya nyumba, akazivuta mpaka ncha zikutane, atasimama juu ya matofali yako hata kama wewe uko sokoni. Pima pia kutoka mbuyu hadi pembe ya nyumba. Hapa ni mita 35. Kwa vipimo vitatu hivyo yeyote anaweza kuichora pembetatu upya afisini. Kamba zile zinaweza kukutana upande wa pili pia, kusini ya mstari unaounganisha nyumba na mbuyu, lakini mchoro wako unaonyesha kwamba tangi liko kaskazini yake, na shaka inaisha.

Chagua vitu viwili vilivyo mbali kidogo kimoja na kingine, ili kamba zikikutana zifanye pembe nzuri, kama ya ukuta au karibu na hiyo. Nyumba, tangi na mbuyu vikikaribia kuwa kwenye mstari mmoja, kosa la hatua mbili tu litalihamisha tangi mita nyingi pembeni. Utalijua tatizo hilo kwenye karatasi yako mwenyewe: ukijaribu kuchora, unaona mahali pengi panafaa kwa vipimo vilevile. Tafuta kitu kingine cha kupimia.

Pima hadi kwenye matofali, si hadi kwenye tangi lililolala. Tangi tupu huviringika na upepo. Ukitaka kuonyesha lilipoangukia, chora yote mawili, matofali kwa herufi C na tangi lililolala kwa herufi D.

Tuje kwenye mahindi, maana hapo ndipo pesa zilipo. Ndovu hawali kwa mstatili. Sehemu iliyoharibika ina umbo la wingu, pana hapa na nyembamba pale. Usikisie kwa macho. Jicho la mtu aliyepata hasara huona eka nzima, na mimi simlaumu, lakini afisa wa kilimo atalitembea shamba, na akikuta robo badala ya eka atatilia shaka hata yale uliyosema kweli.

Fanya hivi. Pima urefu wa sehemu hiyo kutoka kwenye pengo kwenda ndani. Katika mfano wetu ni mita 40. Igawanye katika vipande vinne vya mita 10. Katikati ya kila kipande, pima upana wa uharibifu kutoka mashariki hadi magharibi. Tuseme tumepata mita 20, 30, 28 na 22. Jumla ni 100, ukigawa kwa nne unapata wastani wa mita 25. Mita 40 mara 25 ni mita za mraba 1,000. Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo hapa pameharibika robo eka hivi. Kwa wale mliozoea ploti za futi 50 kwa 100, robo eka ni kama ploti mbili za namna hiyo.

Mahindi yenyewe yanaweza kukusaidia kujikagua. Kama ulipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, na mistari yako inakwenda kaskazini kusini, basi hesabu mistari iliyoharibika. Mistari 40 ni mita 30. Ikiwa hatua zako zinasema mita 30 na mistari unayohesabu ni 40 au karibu, uko sawa. Mistari ikiwa 25, rudi ukapime tena kabla hujaandika.

Sehemu hiyo ipe herufi B, uitie mistari ya mshazari. Palipobaki mabua yaliyoinama tu, yanayoweza kuinuka, usipatie mshazari. Patie vitone, uandike "imeharibika kwa kiasi". Andika pia mahindi yalikuwa na hali gani, yamefika magotini, yametoa mbelewele, au yalikuwa yamekomaa. Mahindi ya magotini na mahindi ya kuvunwa wiki ijayo si hasara moja.

Sasa kuna jambo ambalo sisi tuliosomea uandishi wa habari tulifundishwa mapema, nalo linahusu karatasi hii pia: tenganisha ulichokiona na unachodhani. Nyayo ulizoziona kwa macho zichore kwa mstari mzima wenye mishale. Katika mfano wetu zinaonekana vizuri kwenye udongo laini kuanzia pengo A hadi mwisho wa B. Halafu kuna kama mita 25 za ardhi kavu, ngumu, isiyoonyesha kitu, kisha nyayo zinatokea tena kwenye tope lililomwagika tangini. Pale katikati chora mstari wa vitone, uandike "njia inayodhaniwa". Hakuna atakayekukatalia mstari wa vitone. Lakini ukichora mstari mzima pale, na afisa aje akute ardhi ngumu kama sakafu, atakuuliza uliona nini.

Idadi ya ndovu vilevile. Kama uliwaona kwa tochi, andika uliwaona wangapi, nawe ulikuwa umesimama wapi. Weka mahali hapo kwenye mchoro kwa herufi E. Kama hukuwaona, usiandike kwamba walikuwa saba kwa sababu jirani amesema. Jirani ataandika maelezo yake, na kama alisimama ng'ambo ya barabara, mchoro wake utaonyesha hivyo.

Ua usisahaulike. Upande wa kaskazini uandikie "seng'enge, nyaya tatu, nguzo kila mita 3, makopo", na pande nyingine "manyara". Onyesha pia mahali ulipokuwa ukiwasha moto au kutundika pilipili, kama ulifanya hivyo. Usichore ulichokusudia kuweka mwaka ujao.

Nimeacha ufunguo mwishoni kwa sababu ndipo watu huchoka. Juu ya mchoro tumia herufi tu, kisha pembeni andika maana zake, kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye maelezo yako. Kwa shamba letu ungesomeka hivi:

A – pengo kwenye seng'enge, upana mita 4, mita 30 kutoka jiwe la mpaka la kaskazini mashariki.
B – mahindi yaliyoharibika, mita 40 kwa wastani wa mita 25, yametoa mbelewele.
C – matofali ya tangi, mita 18 kutoka mbuyu, mita 31 kutoka pembe ya nyumba.
D – tangi lililoanguka, limepasuka.
E – nilipokuwa nimesimama.

Na maelezo yafuate herufi hizo: "Majira ya saa nane usiku nilisikia makopo. Nikiwa E niliona kwa tochi ndovu watatu wakiwa B. Asubuhi nilikuta ua umevunjwa A, na tangi lililokuwa C limeanguka D. Nyayo zinazotoka nje nilizikuta palepale A." Ona jinsi maelezo yalivyofupika. Mambo ya mahali yamehamia kwenye mchoro, na maneno yamebaki na kazi ya kusema nini kilitokea na saa ngapi. Ukimaliza, mpe mtu asiyelijua shamba lako asome vyote viwili huku kidole chake kikifuata mchoro. Kidole kikisimama, pana tofauti. Mara nyingi ni jambo dogo: mchoro unasema tangi na maelezo yanasema kisima, au maelezo yanasema kaskazini na mshale umegeuzwa.

Chini andika tarehe na saa ya tukio, kisha, kando yake, tarehe na saa uliyochora. Ni vitu viwili tofauti. Andika jina lako, nambari ya simu, kijiji na wadi, utie sahihi, na aliyekusaidia kupima naye atie yake. Ikiwa uliziba pengo kabla ya kuchora, sema hivyo. Picha za simu ni nzuri, nazo zipige, tena kila picha uandike imepigwa ukiwa herufi gani na ukitazama wapi. Lakini picha haitamwambia mtu kwamba ni robo eka.

Karatasi uliyochorea shambani itakuwa na jasho na udongo. Nakili nyingine safi nyumbani siku hiyohiyo, lakini ile ya kwanza usiitupe wala usiifute. Ukikuta kipimo kimekosewa, kikate kwa mstari mmoja uandike kilicho sahihi juu yake. Ukipeleka madai, toa kopi ubaki nayo, maana madai haya huchukua muda mrefu, wengine wenu mmeyangoja kwa miaka, na siku utakayoulizwa hutakumbuka kama ilikuwa hatua 54 au 45.

Kamba ya mita 20 imelazwa pale nyuma ya afisi ya chifu, kuanzia kwenye mwembe. Kabla hatujapokea maswali, kila mmoja aende akaitembee mara tatu na aandike hesabu yake mwenyewe nyuma ya kitambulisho cha baraza mlichopewa langoni. Wazee mtangulie.